UZI: Kwa nini VC ilikuwa adimu hivyo? Ushujaa unavyopimwa, kuanzia Maktau hadi Uhabeshi

Kipanga wa Voi

Wakuu wa jukwaa la historia, habari za jioni. Hapa kwetu Voi kuna makaburi ya wanajeshi wa Vita Kuu ya Kwanza, na mmoja wa waliozikwa pale ni luteni Wilbur Dartnell. Huyu alipewa Msalaba wa Victoria, ile VC, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi la Mwingereza. Aliuawa tarehe 3 Septemba 1915 karibu na Maktau. Alikuwa amejeruhiwa mguu na wenzake walishaanza kumbeba wakirudi nyuma. Alipoona kuna majeruhi wengine ambao hawabebeki, alishikilia aachwe nao, akitumaini kwamba akiwepo yeye huenda wakanusurika. Akaachwa, akauawa.

Swali langu halimhusu yeye peke yake. Vita ile ilizunguka Tsavo, Moshi, Morogoro mpaka Msumbiji kwa miaka minne, na watu walifanya mambo ya ajabu kila siku. Kwa nini VC zikatoka chache kiasi kile? Nani alikaa akaamua kwamba huyu anatosha na yule hatoshi? Na kwa nini kuna majeshi yanagawa nishani kama njugu na mengine yanabana namna hii?

Komredi Nyati

Jibu ni rahisi, mkuu. VC ni nishani ya wafu. Sheria yake inasema lazima tendo liwe na uwezekano wa kufa wa asilimia 90. Ukirudi mzima, unapewa kitu kidogo cha kukupooza. Ndiyo maana ni chache.

Jembe la Bukoba

Nishani hizi zina upendeleo mtupu. Mjomba wangu alipigana Vita vya Kagera, akapewa nishani ya vita hivyo, lakini amestaafu na cheo kilekile. Wenzake waliobaki kambini walipanda. Sasa nishani inasaidia nini kama haimpandishi mtu cheo?

Afande Mstaafu

Jembe, pole kwa mjomba, ila umechanganya mafaili mawili. Nishani ya Kagera ni ya kushiriki. Ulikuwa kwenye oparesheni, kwa muda uliowekwa, unastahili, uwe mpishi au kamanda. Haisemi chochote kuhusu ulichokifanya ukiwa kule. Anachouliza mwenye uzi ni nishani ya tendo, ambayo mtu mmoja anaandikiwa kwa kitu kimoja alichofanya saa fulani, mahali fulani, na watu wakamwona. Cheo nacho kina njia yake: kozi, nafasi, tathmini. Jeshi lolote likianza kupandisha watu cheo kwa sababu ya ushujaa peke yake, litapata makamanda wanaojua kukimbilia risasi na hawajui kupeleka mikate mstari wa mbele.

Mtunza Makabrasha

Nimekuwa nikikusanya nishani za Keya, yaani KAR, lile jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki, na karatasi zake kwa muda mrefu, ngoja nichangie. Nianze na Komredi.

Umegusa kitu cha kweli, lakini umekipindua. Hati ya kifalme iliyoanzisha VC ni ya tarehe 29 Januari 1856, na haina asilimia yoyote ndani yake. Hiyo 90 ni kipimo cha midomoni mwa maofisa, kilichozoeleka baadaye, hasa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Na kuhusu wafu, mwanzoni ilikuwa kinyume kabisa na unavyosema: VC haikuwa ikitolewa kwa mtu aliyekufa. Luteni Melvill na Coghill waliuawa baada ya mapigano ya Isandlwana, Afrika Kusini, Januari 1879, wakijaribu kuokoa bendera ya batalioni yao. Gazeti la serikali la London liliandika tu kwamba wangependekezwa kama wangekuwa hai. Familia zao zilisubiri hadi 1907 ndipo nishani zikatoka. Hata kwenye Vita Kuu ya Pili, VC zilizoenda kwa marehemu zilikuwa karibu nusu tu. Waliobaki walirudi nyumbani.

Kwa mfano wa karibu zaidi, VC ya kwanza ya jeshi la majini katika Vita Kuu ya Kwanza ilipatikana bandarini Dar es Salaam, tarehe 28 Novemba 1914. Komanda Henry Ritchie wa meli ya Goliath aliingia bandarini na vyombo vidogo kuharibu meli za Wajerumani, na wakati wa kutoka akashambuliwa kutoka pande zote mbili za mlango wa bandari. Alipigwa mara 8 kwa muda usiofika nusu saa, akaendelea kushika usukani mpaka akazimia. Akaishi.

Sasa hiyo kweli uliyoigusa. Kulikuwa na kanuni ya ajabu katika mfumo wa Kiingereza, iliyodumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1970: nishani za katikati, kama MC ya maofisa, na DCM na MM za askari wa kawaida, hazikuweza kutolewa kwa mtu aliyekufa vitani. Marehemu aliweza kupata VC, au kutajwa jina tu katika ripoti ya kamanda. Katikati hakuna kitu. Kwa hiyo kamanda aliyepoteza kijana shujaa alikuwa na njia mbili, ama apeleke maombi ya juu kabisa, ama aridhike na mstari mmoja gazetini. Wengi waliridhika na mstari.

Dada Sera

Mtunza, nimekuelewa, lakini bado hujajibu swali la Kipanga. Uchache unatoka wapi hasa? Maana kuna vita vya zamani nimeona VC zilimwagwa.

Mtunza Makabrasha

Umepiga palepale, dada. Angalia hesabu hizi mbili. Katika vita vya kuzima uasi wa India vya 1857 na 1858, VC zilizotolewa ni 182. Katika Vita Kuu ya Pili yote, miaka sita, nchi kavu, baharini na angani, himaya nzima ya Kiingereza, VC zilizotolewa ni 182. Namba ileile. Je, watu wa 1857 walikuwa mashujaa mara mia? Hapana. Tofauti ni kwamba mwaka 1857 hapakuwa na ngazi. Askari wa kawaida alikuwa na DCM, iliyoanzishwa Desemba 1854, na kwa maofisa wadogo hapakuwa na kitu chochote cha maana chini ya VC. Ukitaka kumshukuru mtu, ilikuwa VC au kumpiga bega.

Kisha ngazi zikajengwa. DSO ya maofisa ilikuja 1886. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza kumeza watu, wakaongeza MC Desemba 1914 na MM Machi 1916. Tangu hapo kamanda anapoletewa habari ya ushujaa, swali la kwanza kichwani mwake haliwi tena "je, alikuwa shujaa?" bali "hii ni ya ngazi gani?" Na ngazi za chini zilikuwa na mvuto mmoja mkubwa ambao watu husahau: zilitoka haraka. Jenerali aliyeko vitani alikuwa amekabidhiwa madaraka ya kutoa MM au MC papo kwa papo, na utepe unashonwa kwenye shati siku chache baada ya mapigano, wenzake wakiwa wanaona. VC lazima iende London, hadi kwa mfalme mwenyewe. Kamanda anayetaka kuinua moyo wa kombania iliyochoka atachagua ipi?

Komredi Nyati

Sawa, asilimia 90 nimeikosea mahali ilipo. Ila nasikia kuna wakati askari walipigiana kura wenyewe nani apewe. Hilo nalo ni uongo?

Mtunza Makabrasha

Hilo ni kweli tupu. Ni kifungu cha 13 cha hati ya mwanzo. Kikosi kizima kikifanya tendo la ushujaa na ikashindikana kumtofautisha mmoja, maofisa wanachagua ofisa mmoja, masajini na makoplo wanachagua mmoja wao, na askari wa kawaida wanachagua wawili. Kilitumika Lucknow, India, 1857, na mara ya mwisho kabisa kwenye shambulio la bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, Aprili 1918. Mimi binafsi nakipenda kifungu hicho. Ndiyo mara pekee waliokuwa kwenye moto waliamua wenyewe, badala ya mtu aliyeko nyuma na kalamu.

Kipanga wa Voi

Basi tueleze hiyo safari ya kalamu, mkuu. Karatasi inaanzia wapi?

Mtunza Makabrasha

Nitatumia kisa kimoja, cha mtu wa Keya. Sajini Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya, ukoo uleule wa Louis Leakey wa Olduvai. Batalioni ya 1/6 ya Keya, tarehe 19 Mei 1941, mahali panaitwa Colito kule Uhabeshi.

Kombania mbili za Keya zilikuwa zimevuka mto Billate chini ya moto mkali, zimeshika kipande kidogo cha ng'ambo, zikisubiri wenzao wavuke. Ghafla vifaru vya Mtaliano vikatokea msituni. Kimoja kikaja kutoka nyuma, askari wa mbele wakawa wamebanwa, hawawezi kwenda popote. Leakey alikuwa mtu wa mota na mabomu yake yalikuwa yameisha. Akarukia juu ya kile kifaru cha nyuma, akafungua mfuniko kwa nguvu, akawapiga waliokuwemo kwa bastola, akamwacha dereva tu na kumlazimisha akiendeshe hadi mafichoni. Alijaribu kutumia mzinga wa kifaru kile, ukakataa. Akashuka na kupiga kelele kwamba atavifuata vilivyobaki kwa miguu. Akaenda na sajini-meja mmoja Mwafrika na askari mwingine mmoja. Vifaru viwili vikawapita, akarukia cha tatu, akafungua, akamuua mmoja ndani, na hapo kifaru cha nne kikamwangusha kwa risasi. Kaburi lake halijulikani.

Sasa karatasi. Kamanda wa kombania hawezi kuandika tu "kijana alikuwa simba". Anatakiwa akusanye maelezo ya mashahidi waliokula kiapo, watatu kwa desturi, walioona kwa macho yao. Kamanda wa batalioni anaandika pendekezo kwenye fomu: tarehe, saa, mahali, kilichofanyika, na kilibadilisha nini kwenye mapigano. Pendekezo linapanda brigedi, divisheni, kamandi ya juu, na kila mkubwa anaandika maoni yake na kutia sahihi. Kila mmoja ana uwezo wa kukata na kushusha: hii si VC, mpe DCM. Likivuka wote, linafika London, linakaa mbele ya kamati, kisha waziri, kisha mfalme. VC ya Leakey ilitangazwa gazetini tarehe 15 Novemba 1945. Hesabuni wenyewe: tangu siku aliyokufa hadi siku hiyo ni miaka minne na nusu. Vita vyenyewe vilikuwa vimekwisha.

Uadimu basi hautoki kwenye sheria moja. Unatoka kwenye milango mingi, na kila mlango una mtu mwenye haki ya kusema hapana, wakati hakuna hata mmoja chini ya mfalme mwenye haki ya kusema ndiyo ya mwisho.

Dada Sera

Nimesoma mara mbili. Naomba niulize kwa upole: yule sajini-meja Mwafrika na yule askari wa pili ni kina nani?

Mtunza Makabrasha

Tangazo rasmi la nishani haliwataji majina. Linawataja kama nilivyowataja mimi.

Dada Sera

Hapo ndipo penye mfupa. Watu watatu wanatoka kwa miguu kufuata vifaru. Mmoja ana jina, ana VC, ana kumbukumbu. Wawili ni "Mwafrika" na "askari". Mnaniambia kuhusu milango na mashahidi, lakini shahidi ni nani, na fomu inaandikwa na nani? Batalioni ya Keya nzima ni Waafrika, na maofisa wanaoandika ni wazungu. Nipeni askari mmoja Mwafrika wa Keya aliyepata VC, vita ya kwanza au ya pili.

Mtunza Makabrasha

Hakuna hata mmoja.

Afande Mstaafu

Dada Sera, nakubaliana na uchungu wako, lakini tuwe waangalifu. Hata mimi nimeandika mapendekezo enzi zangu. Nishani inafuata kinachoonekana na kinachoweza kuandikwa. Mtu anayerukia kifaru anaonekana na kombania nzima. Yule anayemfuata nyuma, wote wanamwangalia wa mbele. Si kila kukosekana kwa jina ni ubaguzi.

Dada Sera

Afande, mmoja akikosa jina, nitasema ni bahati mbaya. Vikosi vya Keya vilipigana tangu Somaliland mpaka Burma na hakuna hata mmoja? Hiyo bahati mbaya imepiga hodi nyumba moja tu.

Mtunza Makabrasha

Niweke ninachokijua, kisha mbishane.

Askari wa Keya hawakuwa bila nishani. Tangu mwanzo wa karne walikuwa na DCM yao wenyewe, ya vikosi vya Afrika, tofauti na ile ya jeshi la Kiingereza. Ilidumu hadi 1942, ndipo wakaanza kupewa DCM ya kawaida. Yaani walikuwa na ngazi yao ya pembeni. Ofisa aliyetaka kumpongeza askari wake alikuwa na kitu tayari mkononi, kilichotengenezwa kwa ajili yao, na sidhani wengi walifikiria kwenda juu zaidi. Kwa India, hati ya VC ilipanuliwa mwaka 1911 ili askari wa Kihindi wastahili, na kufika 1914 Khudadad Khan akaipata. Huko Burma, Wahindi na Wagurkha walipata VC kadhaa. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika, kwenye matope na malaria, na ikatoka bila VC hata moja.

Na nikupe kisa kinachoonyesha nguvu ya mwandishi wa ripoti. Daratoleh, Somaliland, Aprili 1903. Safu iliyokuwa ikirudi ilishambuliwa, kapteni mmoja akajeruhiwa vibaya, na kikundi kidogo kikabaki nyuma kumlinda na kumbeba: maofisa watatu, Gough, Walker na Rolland, pamoja na askari wachache. Kamanda wa safu alikuwa Gough mwenyewe, kwa hiyo ndiye aliyeandika ripoti. Aliwasifu Walker na Rolland, nafsi yake akaiacha. Wale wawili wakapata VC. Habari ikavuja baadaye kwamba na yeye alikuwepo, akapewa yake Januari 1904. Unaona? Tendo ni lilelile, saa ileile. Asipoandikwa, hakutokea. Gough alikuwa na wenzake wa kumsemea huko London. Wale askari hawakuwa nao.

Kipanga wa Voi

Duh. Hapo nimeelewa.

Mswahili wa Minnesota

Nawasoma kutoka kwenye barafu. Huku Marekani wamepitia yote mawili, kumwaga na kunyima.

Nishani yao ya juu, Medali ya Heshima, ilianza wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe bila ngazi yoyote chini yake, kama VC ya Mtunza ya 1857. Mwaka 1863 kikosi cha Maine cha 27 kiliahidiwa medali ili askari wake wakubali kubaki kuulinda mji wa Washington muda wao ulipokwisha. Waliobaki walikuwa kama mia tatu, lakini orodha iliharibika na medali zikatengenezwa 864, kwa kikosi chote, hata walioondoka zao nyumbani. Mwaka 1917 bodi ya majenerali ikapitia orodha nzima na kufuta 911, zikiwemo zile 864. Kuanzia hapo wakajenga ngazi za chini na kubana ya juu.

Halafu dada Sera, sikiliza hili. Katika Vita Kuu ya Pili hakuna askari mweusi wa Marekani aliyepewa Medali ya Heshima wakati wa vita. Hakuna hata mmoja. Miaka ya 1990 jeshi likawapa watafiti kazi ya kuchimba kumbukumbu, na tarehe 13 Januari 1997 Rais Clinton akatoa saba kwa mpigo. Aliyekuwa hai ni mmoja tu, Vernon Baker. Walipatikanaje? Karatasi zilikuwepo. Isipokuwa mmoja, walikuwa wameshapewa nishani ya pili kwa ukubwa, na maelezo ya matendo yao yalikuwa kwenye mafaili.

Dada Sera

Basi na Waingereza wafanye hivyo.

Mtunza Makabrasha

Msimamo wao ni kutofungua upya. Tendo likishapita miaka mitano halipokelewi tena, na hoja yao si ya kipuuzi kabisa: mashahidi wamekufa, kumbukumbu zimefifia, na ukifungulia kikosi kimoja utafungulia vyote. Mwaka 2005 wabunge walimtetea Blair Mayne wa SAS, kikosi maalumu cha Mwingereza, ambaye pendekezo lake la VC la 1945 lilishushwa kuwa DSO ya nne. Alikataliwa. Kama huyo amekataliwa na fomu yake ipo na sahihi zake, yule sajini-meja wa Colito ambaye hata jina halimo kwenye tangazo ana nafasi gani?

Lakini naona mfano wa Marekani unatufundisha kitu kidogo cha kufanya. Wale saba walipatikana kwa sababu walikuwa kwenye ngazi za chini yake. Kwa hiyo mtu akitaka kuwajua mashujaa wa Keya, aache kutafuta VC. Atafute DCM na MM. Humo ndimo walimo.

Komredi Nyati

Halafu jamani, kuna jambo halijanikaa sawa. Dartnell wa Kipanga alibaki na majeruhi. Gough alimlinda majeruhi. Leakey aliua watu ndani ya kifaru. Hivi ni vitu tofauti kabisa. Ushujaa ni kuokoa au kuua?

Mtunza Makabrasha

Leo Komredi umeuliza swali la maana kuliko yote humu.

Zamani kuokoa kulitawala. Vita vya karne ya 19, ukisoma maelezo ya VC, ni mtu kurudi chini ya risasi kumchukua mwenzake. Vita Kuu ya Kwanza ikabadilisha. Mwaka 1916 makao makuu ya jeshi kule Ufaransa yalielekeza kwamba kuokoa majeruhi hakutahesabiwa tena kuwa tendo la VC, isipokuwa kwa wale ambao hiyo ndiyo kazi yao, kama madaktari na wabeba machela. Sababu ilikuwa baridi sana: kila askari anayeacha mstari kwenda kubeba mtu ni bunduki moja imepungua. Jeshi halikutaka kuwazawadia watu kwa kuacha mstari.

Kwa hiyo tendo la Dartnell la Septemba 1915, lingetokea baadaye kidogo upande wa Ufaransa, huenda lisingevuka mlango wa pili. Wanaosema kipimo cha ushujaa ni kimoja tangu 1856 wasome hapo. Jeshi linatoa nishani ya juu kwa kile linachotaka kuona kikirudiwa, na kinachotakiwa kurudiwa hubadilika kwa vita.

Afande Mstaafu

Sikubaliani na sentensi ya mwisho moja kwa moja. Tendo la VC hakuna kamanda anayetaka lirudiwe. Ukiwa na watu watano wanaorukia vifaru kwa bastola, mipango yako imeshaharibika. Ulipaswa kuwa na silaha za kupinga vifaru ng'ambo ya ule mto. Nishani kubwa mara nyingi inafunika kosa la mkubwa. Mapigano ya Rorke's Drift, karibu na Isandlwana, yalitoa VC 11 kwa usiku mmoja, na mchana wa siku hiyohiyo jeshi lilikuwa limeangamizwa Isandlwana. Magazeti yalipata cha kuandika.

Mtunza Makabrasha

Afande, hapo siwezi kukupinga sana. Ila watu wa Rorke's Drift hawakulijua kosa la mkubwa wao walipokuwa wanapigana.

Mjukuu wa Keya

Wakuu, samahani naingia kwa kuchelewa. Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya, alikwenda Burma. Alituachia medali nne. Mbili ni nyota, mbili ni za duara kama shilingi kubwa. Wazee wanasema moja alipewa kwa sababu alimbeba ofisa wake. Je, inawezekana ni VC?

Mtunza Makabrasha

Mjukuu, karibu. VC si nyota wala si duara. Ni msalaba wa shaba nyeusi-nyeusi, utepe wa rangi ya damu ya mzee. Kwa hiyo si VC.

Nyota za pembe sita ni za kushiriki. Ya Burma ina utepe wenye nyekundu pana katikati, buluu pembeni na mistari ya machungwa. Hizo alistahili kila aliyefika, na Mwingereza alizitoa bila kuandika jina. Sasa zile mbili za duara. Zote zinaweza kuwa na kichwa cha mfalme, usibabaishwe na hicho. Zigeuze. Ukiona simba amesimama juu ya joka, ni ya vita kwa jumla, kila mtu anayo. Ukiona maneno ya Kiingereza ndani ya shada la majani, yanayotaja ushujaa kwenye uwanja wa vita, basi hiyo ni MM na babu yako aliandikiwa. Utepe wake ni buluu iliyoiva, na katikati mistari myembamba mitano, nyeupe na nyekundu.

Uthibitisho uko kwenye ukingo. Nishani ya ushujaa huandikwa pembeni namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Tumia tochi ukiimulika kwa ubavu. Na tafadhali, usiisugue kwa majivu wala dawa ya kung'arisha, herufi zitaondoka kabisa.

Mjukuu wa Keya

Moja ina simba na joka. Ya pili ina maneno, nayaona, na kuna shada. Utepe umeoza, umebaki uzi wa buluu. Pembeni kuna namba naisoma vizuri, halafu cheo, halafu jina lakini si jina la babu. Limeandikwa jina la baba yake, tena limekosewa herufi.

Dada Sera

Mjukuu!!

Mtunza Makabrasha

Usiogope jina. Karani wa Keya aliandika alivyosikia, na mara nyingi alilishika jina la baba akaliacha la mtoto. Shika namba ya askari, hiyo ndiyo ya mtu mmoja. MM zilitangazwa kwenye gazeti la serikali la London, na kurasa zake za zamani zimewekwa mtandaoni. Tafuta kwa namba kwanza, kisha kwa jina ukibadilisha herufi. Ukipata ukurasa utapata tarehe, na kwa tarehe hiyo unaweza kutafuta pendekezo lenyewe katika hifadhi ya nyaraka ya Uingereza, ile fomu niliyosema, yenye saa na mahali na mkono wa kamanda wake. Si zote zilizobaki. Picha ya ukingo usiiweke hapa hadharani, wezi wa nishani wanasoma uzi kama huu. Nitumie faragha.

Jembe la Bukoba

Na ya mjomba wangu ina namba pembeni?

Afande Mstaafu

Jembe, igeuze uangalie.